Swapu ya riba: nani alipe riba ya kudumu, nani alipe inayobadilika, na faida yenyewe inatoka wapi

Maghala ya chai ya Shimanzi na yadi za makontena za Miritini hazina mengi yanayofanana, ila moja: mapato yao ni ya dola. Chai kwenye mnada wa Mombasa huuzwa kwa dola, na yadi nyingi huwatoza wateja wao wa meli kwa dola. Basi wenye biashara hizo wakikopa, wengi hukopa dola, na barua ya benki huja imeandikwa "SOFR na nyongeza ya asilimia kadhaa".

SOFR ni kiwango cha mikopo ya usiku mmoja inayodhaminiwa na hati za serikali ya Marekani. Benki Kuu ya Marekani, tawi la New York, hukitangaza kila siku ya kazi tangu Aprili 2018, na ndicho kilichorithi nafasi ya LIBOR ya dola iliyofungwa mwisho wa Juni 2023. Nyongeza ni kile anachokutoza mkopeshaji wako kwa sababu wewe ni wewe: ukubwa wako, madeni yako, rehani uliyoweka. SOFR hupanda na kushuka kwa wote sawasawa. Nyongeza ni yako peke yako. Zishike hizi mbili kama vitu viwili tofauti, maana hesabu yote inayofuata inasimama hapo.

Mwanzoni mwa 2022 SOFR ilikuwa karibu na asilimia 0.05. Agosti 2023 ilikuwa asilimia 5.3. Mtu aliyekopa dola milioni 10 kwa SOFR na nyongeza ya 3 alianza kwa riba ya takribani dola 305,000 kwa mwaka, na kabla miaka miwili haijatimia akajikuta kwenye 830,000. Nchi nzima imelionja jambo hilo: mikataba ya reli ya SGR iliyotiwa saini 2014 ilikuwa na mkopo mmoja wa masharti nafuu wa riba ya asilimia 2, na mwingine wa kibiashara wa LIBOR ya miezi sita na nyongeza ya 3.6. Wa kwanza haukutikisika riba za dunia zilipopaa. Wa pili ulipanda nazo.

Swapu ya riba ni mkataba wa watu wawili kubadilishana malipo ya riba juu ya kiasi walichokubaliana, kwa muda waliokubaliana. Mmoja hulipa riba ya kudumu, mwingine hulipa inayobadilika. Dola milioni 10 zenyewe hazitoki kwa yeyote kwenda kwa yeyote. Ni kiasi cha kuhesabia tu. Na mkopo wako wa awali haufutwi: unaendelea kumlipa mkopeshaji wako vilevile, na swapu inakaa pembeni yake.

Nitaifanya hesabu kwa kampuni mbili za mfano. Viwango ni vyangu vya kufundishia, si bei za leo.

Hatua ya kwanza: ziandike bei nne kabla ya kufikiria swapu

Kampuni ya kwanza ni msafirishaji wa chai wa Shimanzi, mkubwa, wa miaka mingi. Ya pili ni yadi ya makontena ya Miritini, changa, yenye madeni kiasi. Kila moja inataka dola milioni 10 kwa miaka mitano. Kila moja iende sokoni iulize bei mbili: ya riba ya kudumu, na ya inayobadilika.

| | Riba ya kudumu | Riba inayobadilika |
|---|---|---|
| Chai | 6.0 | SOFR + 2.0 |
| Yadi | 8.0 | SOFR + 3.0 |
| Tofauti | 2.0 | 1.0 |

Chai anapata bei nzuri kuliko yadi kote kuwili. Hapa wengi hufunga daftari: kama yeye ni nafuu kila mahali, atanihitaji mimi wa nini? Jibu liko kwenye mstari wa mwisho. Yadi anaachwa nyuma kwa asilimia 2 akikopa kwa riba ya kudumu, lakini kwa asilimia 1 tu akikopa kwa inayobadilika. Pengo hilo halilingani, na kutolingana huko ndiko chakula cha meza nzima.

Faida yote inayoweza kupatikana ni tofauti ya tofauti: 2.0 kutoa 1.0, yaani asilimia 1 kwa mwaka. Kwa dola milioni 10, ni dola 100,000 kila mwaka za kugawana wote waliomo, benki ikiwemo. Kama mapengo yangelingana, pale chini pangekuwa sifuri, na swapu isingempunguzia mtu gharama. Bado mtu angeweza kuifanya ili alale usingizi bila kuifikiria SOFR, lakini hiyo ni haja nyingine na ina bei yake.

Hatua ya pili: nani alipe kipi

Kila mmoja akope pale anapozidiwa kidogo, au anapozidi sana. Yadi anazidiwa kidogo kwenye inayobadilika, basi akope huko, kwa SOFR + 3.0. Chai ubora wake unaonekana zaidi kwenye riba ya kudumu, basi akope kwa 6.0.

Sasa uliza kila mmoja anataka nini hasa. Yadi ana mkataba wa miaka mitano na mteja wake, na bei ya kuhifadhi kontena imeshaandikwa. Mapato yake hayapandi SOFR ikipanda. Anataka riba ya kudumu. Chai hununua mzigo, huuza, hulipwa, hununua tena, na bei yake kwa mteja wa ng'ambo huibeba gharama ya fedha ya wakati ule. Hana shida na riba inayobadilika, na pengine ndiyo inayomfaa.

Ona basi: kila mmoja amekopa pale palipo rahisi kwake, lakini si pale anapotaka kukaa. Hali hiyo ndiyo inayoita swapu. Kama yadi angekuwa anataka riba inayobadilika tangu mwanzo, angekopa tu SOFR + 3.0 na kwenda zake nyumbani.

Kwa hiyo kwenye swapu, yadi atalipa riba ya kudumu na kupokea SOFR. Chai atalipa SOFR na kupokea riba ya kudumu. Kanuni ya kukumbuka: kwenye swapu unapokea kile unachomlipa mkopeshaji wako, ili kipite mkononi mwako na kutoka. Unacholipa kwenye swapu ndicho kinachobaki kuwa gharama yako. Kwenye simu na dawati la fedha la benki, "mlipaji" bila maelezo zaidi ni yule anayelipa riba ya kudumu, na "mpokeaji" ni anayeipokea. Ukitaja upande, taja kwa sentensi nzima, "mimi nalipa ya kudumu, napokea SOFR", kwa sababu kosa la upande halikupunguzii hatari bali hukuongezea maradufu.

Hatua ya tatu: igawe ile asilimia moja, viwango vitajitokeza vyenyewe

Hawa wawili hawatasainiana uso kwa uso. Hawajuani vya kutosha, na mmoja akianguka mwenzake ataachwa hewani. Benki hukaa katikati na kuweka mkataba mmoja na kila upande. Chai akishindwa kulipa, benki bado inadaiwa na yadi. Kwa kazi hiyo na hatari hiyo inataka kitu. Tuseme benki ichukue 0.2, chai 0.4, na yadi 0.4.

Chai peke yake angelipa SOFR + 2.0. Akipata 0.4 lazima aishie kwenye SOFR + 1.6. Anamlipa mkopeshaji wake 6.0 na anailipa benki SOFR, kwa hiyo ili abaki na 1.6 juu ya SOFR ni lazima benki impe 4.4. Yadi peke yake angelipa 8.0, na akipata 0.4 lazima aishie 7.6. Nyongeza yake ya 3.0 haiondoki, basi upande wa swapu alipe 4.6.

```
Chai:  -6.0          +4.4   -SOFR  =  -(SOFR + 1.6)
Yadi:  -(SOFR + 3.0) +SOFR  -4.6   =  -7.6
Benki: +4.6 -SOFR    +SOFR  -4.4   =  +0.2
```

Jumlisha faida: 0.4, 0.4 na 0.2 ni 1.0, sawa na tuliyoiona kwenye jedwali. Isipofika hapo umekosea alama ya kutoa au kujumlisha mahali fulani. Na angalia kwamba SOFR imefutika kabisa kwenye mstari wa yadi. Hakuna aliyetabiri riba itakwenda wapi. Faida hii haitokani na ubashiri.

Katikati ya 4.4 na 4.6 ni 4.5, na hicho ndicho kiwango cha soko cha swapu ya miaka mitano katika mfano huu. Benki haitakuletea ankara ya ada. Imeiweka ndani ya kiwango. Yadi anaachwa 0.1 juu ya katikati, yaani dola 10,000 kwa mwaka kwa miaka mitano. Ukiirudisha kwenye thamani ya leo kwenye Excel:

```
=PV(0.045,5,-10000)
```

Inatoa karibu dola 43,900. Si haramu kwa benki kuipata, lakini mtu akikwambia swapu "haina gharama ya kuingia", muulize kiwango cha katikati ni ngapi leo, kisha piga hesabu hiyo mbele yake.

Hatua ya nne: fuata fedha siku ya malipo

Malipo ni kila miezi sita. Kipindi cha kwanza ni kuanzia 1 Julai hadi 1 Januari, siku 184. Dola huhesabiwa kwa mwaka wa siku 360, tofauti na shilingi ya Kenya ambayo benki zetu huihesabu kwa 365. Tuseme SOFR ya kipindi hicho, baada ya kukusanya viwango vya kila siku kwa riba juu ya riba, imetoka asilimia 5.1.

```
malipo = kiasi * kiwango * siku / 360

Yadi analipa:   10000000 * 0.046 * 184 / 360 = 235,111.11
Yadi anapokea:  10000000 * 0.051 * 184 / 360 = 260,666.67
```

Hawapelekeani hundi mbili. Tofauti tu ndiyo inayohama: benki inamlipa yadi dola 25,555.56. Upande wa pili, chai anadaiwa 5.1 na anadai 4.4, basi anailipa benki 0.7, ambayo ni dola 35,777.78. Benki imepokea 35,777.78 na kutoa 25,555.56, imebaki na 10,222.22, ile 0.2 yake kwa siku 184.

Yadi sasa aende kwa mkopeshaji wake. Riba ya mkopo ni 8.1, yaani dola 414,000. Toa 25,555.56 alizopata kwenye swapu, inabaki 388,444.44. Hiyo ni 7.6 kamili.

Kipindi cha pili kina siku 181, na tuseme SOFR imeshuka hadi 3.8. Yadi anadaiwa 231,277.78 na anadai 191,055.56, kwa hiyo safari hii yeye ndiye anayetoa, dola 40,222.22. Mkopo nao umeshuka hadi 6.8, dola 341,888.89. Jumla 382,111.11. Gawanya upate kiwango cha mwaka: 7.6 tena.

Katika kipindi hiki cha pili ndipo wakurugenzi hugombana. Mmoja ataona dola 40,222 zimekwenda benki na kuuliza, "Swapu hii imetupa hasara, nani aliisaini?" Haijatupa hasara. Ameusoma mstari mmoja na kuacha wa pili. Swapu na mkopo husomwa pamoja, na kipimo chake ni kimoja tu, cha kufanywa kila siku ya malipo:

```
=(riba_ya_mkopo - tofauti_ya_swapu)/10000000*360/siku
```

Tofauti ni chanya ukipokea, hasi ukitoa. Jibu likiwa 0.076 kila mara, mambo yako sawa. Likianza kuyumba, iwe 0.0763 au 0.0741, kuna kitu hakilingani kati ya mkopo na swapu, na inafaa ukitafute wiki hiyohiyo.

Mara nyingi kinachoyumbisha ni mojawapo ya haya. Mkopo unatumia SOFR ya muda, ile inayojulikana mwanzoni mwa kipindi, na swapu inatumia SOFR ya kila siku inayojulikana mwishoni. Zote zinaitwa SOFR, na riba ikienda kwa kasi zinaachana. Au tarehe zimepishana siku chache. Au mkopo unapungua kila nusu mwaka huku kiasi cha swapu kimebaki milioni 10. Mkopo ukifika milioni 8, milioni 2 za swapu hazina tena cha kukinga, ni kamari ya riba iliyoingia bila kikao. Dawa ni kuipa benki ratiba ya mkopo na kudai kiasi cha swapu kishuke nayo, tarehe kwa tarehe.

La mwisho ni baya kwa sababu hulala miaka kisha likaamka. Mikopo mingi ina sakafu: "SOFR haitahesabiwa chini ya asilimia 1". Swapu ya kawaida haina sakafu. Weka SOFR ya 0.05 kama ile ya mwanzoni mwa 2022. Mkopo utakutoza 1.0 na 3.0, yaani 4.0. Swapu itakupa 0.05 na kukudai 4.6. Jumla ni 8.55, wakati mkopo wa kawaida wa riba ya kudumu ulikuwa 8.0. Kama mkopo wako una sakafu, ama uiondoe kwa mazungumzo, ama ununue sakafu hiyohiyo ndani ya swapu na ukubali kiwango cha juu kidogo.

Hatua ya tano: ichimbe ile faida ya 0.4

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi wa swapu. Wanaonyesha jedwali, wanaonyesha 0.4, wanatoa kalamu. Lakini jiulize: kwa nini wakopeshaji wa riba ya kudumu walimweka yadi nyuma kwa asilimia 2, na wale wa inayobadilika kwa 1 tu? Ni watu haohao, wanaitazama kampuni ileile.

Sababu kubwa ni uhuru wa mkopeshaji. Anayekupa riba ya kudumu kwa miaka mitano amefunga kila kitu, pamoja na makadirio yake kuhusu afya yako. Ukidhoofika mwaka wa tatu, hawezi kuongeza hata senti. Anayekupa SOFR na nyongeza, mara nyingi amejiwekea nafasi: mkopo unafanywa upya kila mwaka, au barua inasema nyongeza "inaweza kupitiwa upya". Kwa kuwa anaweza kubadili nia, anakubali kuanza na nyongeza ndogo. Sehemu ya ile asilimia 1 basi si fedha iliyookotwa. Ni malipo ya hatari ambayo yadi ameibeba bila kuiona.

Swapu inafunga SOFR. Nyongeza haifungi. Gharama ya yadi kwa kweli ni 4.6 kujumlisha nyongeza yoyote atakayotozwa. Mizani inasimama kwenye nyongeza ya 3.4, kwa kuwa 4.6 na 3.4 ni 8.0. Mteja mkuu akiondoka na mkopeshaji akapandisha nyongeza hadi 3.8, yadi analipa 8.4 na angekuwa na nafuu kama angechukua ule mkopo wa 8.0 siku ya kwanza. Tena inampata wakati mbaya kuliko wote, biashara ikiwa imeshuka.

Kwa hiyo kabla ya kusaini swapu, fungua barua ya mkopo na utafute kipengele cha nyongeza. Ikiwa imefungwa kwa miaka yote mitano, 0.4 ni ya kweli, na kwa dola milioni 10 ni dola 40,000 kwa mwaka. Ikiwa inapitiwa kila mwaka, 0.4 ni ya mwaka wa kwanza tu, na miaka mingine uiandike kwa penseli. Mara nyingi inafaa kujadiliana na mkopeshaji akufungie nyongeza kwa 3.2 badala ya 3.0. Utapoteza nusu ya faida, lakini itakayobaki, dola 20,000, haitategemea nia ya mtu.

Chai hana tatizo hilo. Mkopo wake wa 6.0 umefungwa. Hatari yake yeye ni benki ya katikati. Ikianguka, atabaki analipa 6.0 wakati SOFR pengine imeshuka, ndiyo maana mwenye nguvu huchagua benki ya kusainiana nayo badala ya kungoja kuchaguliwa.

Karatasi

Mkataba wa kawaida ni ule mkuu wa ISDA, chama cha kimataifa cha soko la swapu na mikataba ya aina yake, wa 1992 au wa 2002, pamoja na jedwali lake la masharti ya pande mbili, kisha hati fupi ya uthibitisho kwa kila swapu. Hati hiyo ndiyo ya kusoma neno kwa neno: nani analipa kipi, kiasi na ratiba yake, SOFR ipi, siku 360, na tarehe. Hakikisha pia katiba ya kampuni inaruhusu na azimio la wakurugenzi lipo. Mwaka 1991 mahakama ya juu ya Uingereza ilibatilisha swapu za halmashauri ya Hammersmith na Fulham kwa sababu halmashauri haikuwa na mamlaka ya kisheria kuzifanya, na mabenki tangu hapo huuliza swali hilo mapema.

Kwa wenye kujiepusha na riba, na Mombasa tuko wengi, kuna mikataba ya kubadilishana viwango vya faida iliyojengwa juu ya mauziano ya murabaha. IIFM, shirika la kimataifa la soko la fedha la Kiislamu, na ISDA walitoa kiolezo chake 2012. Mikondo ya fedha hufanana na hii, lakini uhalali wake ni suala la bodi ya sharia ya benki yako, si la jedwali langu. Na kwa mikopo ya shilingi, ambayo tangu 2025 Benki Kuu ya Kenya imeielekeza kwenye KESONIA, kiwango cha wastani cha benki kukopeshana shilingi kwa usiku mmoja, soko la swapu ni jembamba. Hesabu ni ileile, ila kumpata wa upande wa pili kwa bei nzuri si rahisi.

Hatua ya sita: swapu ina thamani gani ukiwa njiani

Siku ya kusaini, ukiacha ile 0.1 ya benki, swapu ina thamani ya sifuri: malipo ya kudumu yanalingana na soko linavyotarajia SOFR. Kesho yake tu haiwi sifuri tena. Na hii ni thamani tofauti na ile 0.4. Ile ni akiba dhidi ya mkopo ambao hukuuchukua. Hii ni bei ya mkataba wenyewe ukitaka kutoka.

Mwaka mmoja umepita, imebaki minne. Yadi amemaliza ujenzi, ameuza kiwanja, anataka kuulipa mkopo wote. Wengi hudhani mkopo ukifutwa swapu nayo imekwisha. Haijaisha, ni mkataba mwingine na bado una miaka minne. Anapiga simu benki. Kiwango cha swapu ya miaka minne leo ni 3.6. Yeye amefunga 4.6. Kila mwaka analipa asilimia 1 zaidi ya anayeingia leo, dola 100,000. Nikirahisisha kwa malipo ya mara moja kwa mwaka:

```
=PV(0.036,4,-100000)
```

Inatoa 366,438. Ili kuifunga swapu leo, yadi atoe karibu dola 366,000. Kama viwango vingekuwa vimepanda hadi 5.6, mambo yangegeuka, na benki ndiyo ingemlipa takribani dola 349,700. Hazilingani ingawa umbali ni asilimia 1 kila upande, kwa sababu riba ikiwa juu, dola ya miaka ijayo ina thamani ndogo leo.

Swali la kwanza la benki litakuwa kama ana fedha hizo mkononi. Asipokuwa nazo, ana njia nyingine: aingie swapu ya pili ya kinyume, apokee 3.6 na alipe SOFR kwa miaka minne. SOFR zinafutana, na anabaki akitoa dola 100,000 kila mwaka kwa miaka minne, au zaidi kidogo, kwa sababu benki itamnukulia 3.5 badala ya 3.6. Gharama ni ileile, imetandazwa tu. Lakini mikataba sasa ni miwili, na kama ya pili ameifanya na benki tofauti, kila moja inaweza kumdai dhamana upande wake bila kujali kwamba kwa jumla hana tena hatari yoyote ya riba. Ndiyo maana swapu ya kinyume hutafutwa kwanza kwa benki ileile iliyoshika ya kwanza, chini ya mkataba uleule mkuu, ambapo deni na dai huhesabiwa pamoja.